Kudurusu Wastoa kwa kozi ya kwanza: uwezo wetu, fadhila na jazba ndani ya safari moja ya meli

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiulizwa Wastoa walifundisha nini, mara nyingi hutaja mambo matatu: tenganisha yaliyo katika uwezo wako na yasiyo katika uwezo wako, kitu chema peke yake ni fadhila, usitawaliwe na jazba. Yote matatu ni sahihi. Taabu huanza pale swali la mtihani linapomtaka aeleze jambo la kwanza linahusianaje na la pili, na la pili na la tatu. Hapo jibu hukatika vipandevipande, kila kipande kikisimama peke yake. Mwongozo huu unayapitia yote kwa kufuata tendo moja la akili ambalo mambo hayo matatu hukutania, nalo ni kuridhia.

Kabla ya hatua zenyewe, weka majina mahali pake. Zeno, mzaliwa wa Kitio katika kisiwa cha Kipro, alianza kufundisha Athene karibu na mwaka 300 K.K., kwenye ukumbi wa nguzo uliopambwa kwa michoro, ulioitwa Stoa, na kutokana na jina hilo wafuasi wa shule yake wakaitwa Wastoa. Krisipo aliiongoza shule hiyo baadaye, katika karne ya 3 K.K., na yeye ndiye aliyeijengea nadharia yake ya jazba. Vitabu vyao vimepotea, tunavijua kwa vipande vilivyonukuliwa na wengine. Maandishi yaliyobaki mazimamazima ni ya zama za Warumi: ya Seneka, aliyefariki mwaka 65 B.K.; ya Epikteto, aliyekuwa mtumwa Roma, akaachwa huru na kufungua shule Nikopoli; na ya Marko Aurelio, mfalme wa Roma tangu 161 hadi 180. Kati ya Zeno na Epikteto kuna miaka kama 400. Ukiandika "Wastoa walisema", jiulize ni Mstoa yupi.

Hatua ya kwanza: jifunze kisa cha meli

Mwandishi wa Kirumi Aulo Gelio, wa karne ya 2 B.K., anasimulia kisa hiki katika kitabu chake kiitwacho Usiku wa Atika, mwanzoni mwa sehemu ya 19. Alikuwa akivuka bahari ya Ionia kutoka Kasiopa kwenda Brundisio, Italia. Dhoruba ikawapiga, maji yakaingia melini, abiria wakalia. Miongoni mwao alikuwamo mwanafalsafa wa Kistoa mwenye jina, ambaye Gelio alimfahamu tangu Athene. Gelio akamtafuta kwa macho, apate kuona mtu wa namna hiyo huwaje kifo kinapokaribia. Akamwona amebadilika rangi, uso umepauka kama wa wenzake. Tofauti ilikuwa moja: hakulia wala kupiga mayowe.

Bahari ilipotulia, tajiri mmoja Mgiriki kutoka Asia, aliyesafiri na watumishi na mali nyingi, alimwendea akamkebehi: imekuwaje wewe mwanafalsafa umeogopa ukapauka, na mimi sikuogopa wala sikupauka? Mwanafalsafa alimjibu kwa ufupi akamwacha. Lakini Gelio alipomuuliza baadaye kwa adabu, alitoa mkobani kitabu cha tano cha Mazungumzo ya Epikteto akamwonyesha maelezo. Leo vimebaki vitabu vinne tu vya Mazungumzo hayo, na hicho cha tano kimepotea, hivyo muhtasari wa Gelio una thamani kubwa kwetu.

Soma kisa hiki mpaka uweze kukisimulia bila kutazama karatasi. Hatua zote zinazofuata zinakitegemea, na mtihani ukija utakuwa na mfano mmoja ulioushika barabara badala ya mifano sita ya kugusagusa.

Hatua ya pili: chora mnyororo wa akili

Kwa Wastoa, tendo la mtu mzima hupitia hatua tatu. Kwanza huja taswira: jambo linajitokeza akilini likiwa na maana fulani. Wimbi likipanda juu ya ubavu wa meli, akili haipokei maji tu, inapokea sentensi nzima: "Hili ni baya, linanijia." Pili, akili huiridhia taswira hiyo au huikatalia, au husubiri kwanza. Tatu, ikisharidhia, msukumo wa kutenda hufuata: kukimbia, kupiga mayowe, kushika kamba.

Taswira haiombi ruhusa, huja yenyewe. Ridhaa ni yetu. Hili ndilo mwanafalsafa wa melini alilomsomea Gelio: sauti ya kutisha ikisikika ghafla, au habari ya hatari ikija, hata akili ya mwenye hekima hutikisika kidogo na uso hubadilika, kwa sababu mwendo huo hutangulia kazi ya akili. Kisha mwenye hekima na mpumbavu wanaachana. Mpumbavu huona mambo ni mabaya kweli kama yalivyoonekana mara ya kwanza, akaridhia. Mwenye hekima hutikisika kwa muda mfupi, kisha haridhii.

Chora mnyororo huu kwenye karatasi ya kudurusia: taswira, ridhaa, msukumo. Chini ya kila neno andika kilichotokea melini. Usipoweza kujaza nafasi ya katikati, rudi tena kwenye kisa, maana hapo ndipo wengi huruka. Wao huandika kwamba dhoruba ilisababisha hofu. Mstoa angesema dhoruba ilileta taswira tu, na hofu ilizaliwa na ridhaa. Ndiyo maana ya ile kauli ya Epikteto katika sehemu ya tano ya Kitabu cha Mkononi, kwamba watu husumbuliwa na hukumu zao juu ya mambo, si na mambo yenyewe.

Hatua ya tatu: pima kilicho katika uwezo wetu

Kitabu cha Mkononi kinaanza na mgawanyo huu. Katika uwezo wetu kuna hukumu zetu, misukumo yetu, tunachokitamani na tunachokiepuka. Nje ya uwezo wetu kuna mwili, mali, sifa tunazopewa na watu, na vyeo. Wanafunzi huikariri orodha hii, kisha hujikwaa wakipewa kitu ambacho hakimo. Afadhali ukishike kipimo chenyewe. Epikteto anasema yaliyo katika uwezo wetu ni huru kwa asili yake na hayazuiliki. Kwa hiyo swali la kuuliza ni hili: je, kuna kitu nje yangu kinachoweza kulizuia jambo hili? Kama kipo, jambo hilo haliko katika uwezo wangu kwa maana ya Epikteto, hata kama mara nyingi nalifanikisha.

Jaribu kipimo hicho na abiria wa meli. Kufika Brundisio? Upepo unaweza kuzuia. Kushika kamba? Mkono unaweza kufa ganzi kwa baridi. Kuamua kushika kamba? Hapo hakuna wimbi linalofika. Rangi ya uso je? Damu inakimbia yenyewe, uso ni sehemu ya mwili, na mwili umeshatajwa upande wa pili wa mgawanyo. Hapo tayari umepata nusu ya jibu la dhihaka ya yule tajiri: alimhukumu mwanafalsafa kwa kitu ambacho hakimo katika uwezo wa mtu yeyote.

Baadhi ya vitabu vya siku hizi huongeza kundi la tatu, la mambo tunayoyaweza kwa sehemu, kama kushinda mchezo. Ni wazo linalosaidia katika maisha, lakini Epikteto hana kundi hilo. Kwake, jambo la namna hiyo hugawanyika: uchaguzi wangu uko upande mmoja, matokeo yako upande mwingine. Ukiandika makundi matatu kwa jina la Epikteto, umempa fundisho lisilo lake.

Na mtu anapangaje safari basi, kama kufika si juu yake? Seneka anatoa jibu katika maandishi yake juu ya utulivu wa nafsi: mwenye hekima husema nitasafiri baharini, isipokuwa likitokea jambo. Anataka kufika, anapanga kufika, ila ndani ya kutaka kwake kuna sharti hilo tangu mwanzo. Hivyo dhoruba haivunji mpango wake, kwa kuwa mpango wenyewe ulikuwa umeihesabu.

Hatua ya nne: jenga hoja ya fadhila

Hapa hatua zinapaswa kwenda polepole, kwa kuwa dai la Wastoa ni zito: fadhila ndicho kitu chema pekee, na uovu wa nafsi ndicho kitu kibaya pekee. Fadhila kuu wanazozitaja ni nne, yaani busara, haki, ujasiri na kiasi, na wanazishikilia kwa pamoja: aliye na moja kwa ukamilifu anazo zote, kwa kuwa zote ni ujuzi wa kipi chema na kipi kibaya, ukitumika katika nyanja tofauti. Afya, mali, maradhi na hata kifo tunaviweka wapi?

Diogene Laerti, katika kitabu cha saba cha maisha ya wanafalsafa, ametuhifadhia hoja fupi. Kinachoweza kutumiwa vizuri na vibaya si chema. Mali na afya vinaweza kutumiwa vizuri na vibaya. Kwa hiyo mali na afya si vyema. Iandike hivyo, mistari mitatu, kisha jiulize ni mstari upi ungeshambulia. Wa pili hauna ubishi: afya ya jambazi humwezesha kuiba zaidi. Wa kwanza ndio mahali pa kubishana, na jibu zuri husema hivyo waziwazi. Mpinzani atasema kitu kinaweza kuwa chema kwa kawaida hata kama kinaweza kutumiwa vibaya. Mstoa atamjibu kwamba chema, kwa maana kamili, ni kile kinachofaidi daima, kama moto unavyopasha joto daima.

Basi afya na mali vimo kundi la tatu, mambo ya kati, ambayo hayamfanyi mtu awe mwema wala mwovu. Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hutokea: mwanafunzi huandika kwamba Wastoa hawajali afya wala uhai. Si kweli. Ndani ya mambo ya kati kuna yanayopendelewa, kama uhai, afya na mali, na yasiyopendelewa, kama kifo, maradhi na ufukara. Tuna sababu ya kuyachagua ya kwanza na kuyakwepa ya pili. Aristo wa Kio, mwanafunzi wa Zeno, ndiye aliyekataa kabisa upendeleo huu, na shule haikumfuata.

Epikteto anaeleza jinsi mambo haya mawili yanavyokaa pamoja, na mfano wake, kwa bahati nzuri, ni wa meli pia. Umo katika kitabu cha pili cha Mazungumzo, sura ya tano. Vifaa tunavyotumia ni mambo ya kati, anasema, lakini namna ya kuvitumia si jambo la kati. Ukisafiri, uwezo wako uko wapi? Kuchagua nahodha, mabaharia, siku na wakati. Dhoruba ikipiga baada ya hapo, sehemu yako umeshaitimiza, na shughuli iliyobaki ni ya nahodha. Meli ikizama, linabaki lile unaloliweza: kuzama bila hofu, bila kupiga mayowe, bila kumlaumu Mungu, ukijua kwamba kilichozaliwa hakina budi kufa.

Angalia msafiri wa mfano huo alivyohangaika kuchagua nahodha. Mtu asiyejali uhai asingejisumbua. Na angalia mahali fadhila ilipo: imo katika kuchagua, na kuchagua ndicho kile kilichopita kipimo cha hatua ya tatu. Huo ndio uzi kati ya uwezo na fadhila. Kama chema kingekuwa mali au uhai, wema wetu ungekuwa mikononi mwa upepo. Wastoa wanasema wema ni hali ya ile akili inayoridhia na kuchagua, kwa hiyo hakuna wimbi linaloweza kuuchukua.

Hatua ya tano: panga jazba, na hisia zinazobaki

Kwa Krisipo, jazba ni hukumu yenye makosa. Ina sehemu mbili: kwanza, kwamba kuna jema au baya hapa, pili, kwamba inanipasa kunywea au kuinuka kwa ajili yake. Mwenye hofu melini ameridhia yote mawili: "Kifo ni kibaya, na inanipasa kutetemeka."

Wastoa walizipanga jazba chini ya vichwa vinne kwa maswali mawili: jambo linadhaniwa kuwa jema au baya? Lipo sasa au linakuja? Baya linalokuja huleta hofu. Baya lililopo huleta huzuni. Jema linalokuja huleta tamaa. Jema lililopo huleta anasa, ile raha ya kujisahau. Chora kijisanduku cha vyumba vinne, uweke ndani yake hasira, wivu, aibu na mengine utakayoulizwa. Hasira wengi huiweka kwenye huzuni, kumbe Wastoa waliiweka chini ya tamaa, kwa kuwa ni kutamani kumlipiza aliyedhaniwa kukosea.

Mwenye hekima hana jazba hata moja, lakini hisia anazo. Zinaitwa hisia njema, na ni tatu: furaha, badala ya anasa, kutaka kwema, badala ya tamaa, na tahadhari, badala ya hofu. Hakuna mwenza wa huzuni. Swali la kwa nini tatu na si nne hupendwa na watunga mitihani, na ukiwa umeshika hatua ya nne utalijibu kwa mstari mmoja: baya pekee ni uovu wa nafsi, mwenye hekima hana uovu huo ndani yake, basi kwake hakuna baya lililopo la kuhuzunikia. Tahadhari anayo, kwa maana uovu ni kitu anachoweza kujilinda nacho.

Sasa tenganisha jazba na mtikisiko wa mwanzo. Seneka, mwanzoni mwa kitabu cha pili cha maandishi yake juu ya hasira, anatofautisha miendo mitatu. Wa kwanza si wa hiari: kusisimka maji baridi yakikurushia matone, nywele kusimama kwa habari mbaya, kizunguzungu ukichungulia genge. Wa pili una ridhaa ndani yake: nimedhulumiwa, inafaa nilipize. Wa tatu umeshatoka mkononi, unataka kulipiza iwe inafaa au haifai. Jazba halisi haianzi katika mwendo wa kwanza. Kwa sababu hiyo, kazi ya Mstoa haifanani na kubana hasira kifuani. Anayeibana ameshairidhia, anazuia ionekane tu. Mstoa anaishughulikia kabla, pale hukumu inapoomba kupokelewa.

Hatua ya sita: jibu swali kwa kutumia hatua zote

Chukua swali hili: "Mwanafalsafa wa melini alipauka. Je, alikiuka mafundisho yake?" Jibu dhaifu husema ndiyo, kwani Mstoa hapaswi kuogopa, au husema hapana, kwani naye ni binadamu. Yote mawili hayajagusa nadharia. Jibu lenye nguvu lingeandikwa hivi:

"Kupauka ni mabadiliko ya mwili yanayofuata taswira ya ghafla. Hayamo katika uwezo wetu na hutangulia ridhaa, kwa hiyo si jazba, ila ni mtikisiko wa mwanzo. Hofu kwa maana ya Kistoa ingehitaji aridhie kwamba kifo ni kibaya. Kifo ni jambo la kati lisilopendelewa, hivyo ridhaa hiyo ingekuwa kosa. Gelio anaripoti kwamba hakulia wala kupiga mayowe. Hii ni dalili, si uthibitisho, kwamba hakuridhia. Kwa msingi huo kupauka peke yake hakuonyeshi kwamba alikiuka."

Tazama sentensi ya mwisho ilivyopimwa. Ridhaa haionekani kwa macho, na mtu anaweza kunyamaza kwa haya huku ndani ameshindwa. Kipimo hichohicho mpe na tajiri: uso usiopauka hautuambii kama alikuwa jasiri, au alikuwa hajaelewa hatari, au alizaliwa na damu tulivu. Ukimaliza jibu lako, lipitie ukitafuta neno "ridhaa" au "kuridhia". Likikosekana, kuna kiungo kimeruka.

Hatua ya saba: jiandae kwa pingamizi moja

Usibebe mapingamizi mengi. Beba moja la ndani ya shule yenyewe, la Posidonio, Mstoa wa karne ya 1 K.K., ambalo tabibu Galeni ametuhifadhia. Kama huzuni ni hukumu, anauliza, kwa nini hupungua kadiri muda unavyopita, ilhali hukumu haijabadilika? Aliyefiwa na ndugu, miaka kumi baadaye bado anaamini amepata msiba mbaya. Imani ni ileile, machozi yamekauka. Posidonio akaona kwamba lazima nafsini kuwe na nguvu isiyo ya hoja, inayochoka na kushiba kwa muda.

Krisipo mwenyewe aliliona tatizo hili na kukiri kuwa ni gumu. Akasema inaonekana maoni kwamba jambo ni baya hubaki, na kinacholegea ni ule unyweaji wa nafsi pamoja na msukumo unaoufuata. Rudi kwenye zile sehemu mbili za hatua ya tano uone njia anayoweza kupita mtetezi wake: hukumu ya kwanza, "nimepatwa na baya", haijaondoka, ya pili, "inanipasa kunywea sasa", ndiyo iliyoachwa. Tangu Zeno, Wastoa walisema maoni yanayozaa huzuni sharti yawe mabichi. Mtetezi anabaki na deni moja la kulipa: aeleze ni nini kinachoyafanya maoni hayo yapoteze ubichi wake, ikiwa hakuna hoja mpya iliyoletwa mbele ya akili.